Shajara ya mradi: jedwali la vipimo la suruali moja

Wiki ya 1

Mradi huu unahusu suruali moja tu. Ni suruali ya kike ya kiuno cha juu, yenye mguu mnyoofu, iliyoshonwa kwa kitambaa cha pamba kilichochanganywa na kitani ambacho hakinyumbuki hata kidogo. Tunaiuza mtandaoni katika saizi tano, kuanzia S hadi XXL, na katika rangi mbili, nyeusi na rangi ya mchanga. Nimeichagua kwa sababu hakuna nguo yetu nyingine inayorudishwa kwa wingi kama hii, na pia kwa sababu kitambaa kisichonyumbuka hakifichi kosa la kipimo. Fulana inayovutika huweza kumsamehe mteja aliyekosea kwa sentimita tatu, lakini suruali hii haimsamehe mtu.

Katika wiki nane zilizotangulia, wateja walipokea suruali 212 za aina hii, na 61 kati yake zilirudi, yaani karibu asilimia 29. Fomu yetu ya kurudishia ina sababu nne za kuchagua, na sababu ya "saizi haikufaa" ilichaguliwa mara 45. Jibu la namna hiyo ni karibu sawa na kutojibu, kwa kuwa halisemi kama suruali ilikuwa ndogo au kubwa, wala halisemi ilibana au ilipwaya mahali gani. Nilitumia siku mbili kusoma maelezo mafupi ambayo baadhi ya wateja walikuwa wameyaandika chini ya fomu, na wale ambao hawakuandika kitu niliwatumia ujumbe mmoja wa kuwauliza. Kutokana na majibu hayo nilipata kwamba suruali 34 zilirudi kwa kuwa ndogo na 11 kwa kuwa kubwa. Zilizobaki 16 hazikuhusu saizi: baadhi ya wateja hawakuupenda mguu mnyoofu baada ya kujiona kwenye kioo, na wengine walitarajia rangi tofauti.

Kati ya wale 34, wateja 21 walisema jambo moja kwa maneno mbalimbali: suruali ilifunga kiunoni vizuri kabisa, lakini ilibana kwenye hipsi na mapaja, na haikukalika. Mmoja aliandika kwamba akisimama alikuwa mtu wa heshima, ila akitaka kuketi alikuwa akisikiliza kwanza kama mshono utalia. Malalamiko haya yalinionyesha pa kuanzia. Kama kosa lingekuwa la wateja kujikadiria ovyo, malalamiko yangetawanyika mwili mzima, wengine wakilalamikia kiuno na wengine urefu. Yanapokusanyika mahali pamoja, kosa huwa liko katika nguo yenyewe au katika namba tulizoziandika.

Fomu ya kurudishia tayari nimeibadilisha. Anayechagua saizi sasa anaulizwa maswali mawili zaidi: ilikuwa ndogo au kubwa, na ni wapi, kati ya kiuno, hipsi, paja na urefu wa mguu. Sikuongeza swali la tatu, kwa kuwa mtu anayerudisha nguo amekwisha kuchoka nasi.

Wiki ya 2

Wiki nzima nimekuwa stoo na futikamba, pamoja na fundi anayetukagulia ushonaji. Tulichukua suruali tatu za kila saizi katika kila rangi, jumla yake 30, tukazipima upya bila kuangalia karatasi ya kiwandani.

Namna ya kupima inastahili kuandikwa kwa ukamilifu, kwa sababu watu wawili wanaopima suruali moja kwa namna mbili watapata namba mbili, na kila mmoja ataapa kwamba yake ndiyo sahihi. Suruali hulazwa juu ya meza ngumu ikiwa imefungwa zipu na kifungo, na kitambaa hulainishwa kwa kiganja bila kuvutwa. Kiuno hupimwa kwenye ukingo wa juu wa mkanda wake, kutoka ubavu hadi ubavu, baada ya kuhakikisha kwamba ukingo wa mbele na wa nyuma vimelala sambamba, kwa sababu nyuma ya suruali hii imekatwa juu kidogo kuliko mbele. Kwa hipsi tulikubaliana mahali pamoja pasipobadilika, nalo ni sentimita saba juu ya makutano ya mishono katikati ya miguu, kutoka ubavu hadi ubavu kwa mstari ulionyooka. Paja hupimwa sentimita mbili na nusu chini ya makutano hayo hayo, na urefu wa ndani wa mguu huanzia hapo kushuka kwa kufuata mshono hadi kwenye pindo. Kiuno na hipsi zikizidishwa kwa mbili ndipo hupatikana mzunguko wake.

Saizi M ya rangi ya mchanga ilikuwa na sentimita 39 kiunoni na 52 kwenye hipsi ikiwa imelazwa, yaani mzunguko wa sentimita 78 na 104. Niliporudi kwenye ukurasa wetu wa bidhaa nilikuta jedwali linasema kwamba saizi M ni "kiuno 78, hipsi 104". Kwa juu juu mtu angefurahi kwamba namba zimelingana. Fundi hakufurahi. Aliniuliza, "Sasa mteja mwenye hipsi za 103 akisoma hapa atachukua nini?" Atachukua M, kwa sababu 103 ni ndogo kuliko 104. Atavaa suruali yenye sentimita moja tu zaidi ya mwili wake, iliyoshonwa kwa kitambaa kisichonyumbuka, na anapoketi makalio na mapaja hupanuka kuliko hapo.

Hapo ndipo chanzo kilipoonekana. Jedwali letu lilitoa vipimo vya nguo bila kusema kwamba ni vya nguo, na mteja aliyapima maungo yake akayalinganisha na namba hizo kana kwamba ni vipimo vya mwili. Tofauti kati ya mzunguko wa nguo na mzunguko wa mwili ndiyo ambayo mafundi huiita nafasi, na kila nguo iliyofumwa bila uzi wa kunyumbuka lazima iwe nayo. Fundi anataka sentimita tano au zaidi kwenye hipsi za suruali ya namna hii, na mbili kiunoni, kwa kuwa kiuno ndicho kinachoishikilia suruali isishuke. Hii inaeleza pia kwa nini malalamiko hayakuhusu kiuno: kosa lile lile la kusoma lilikuwepo kiunoni, lakini pale huhitajika nafasi ndogo tu, na mtu huweza kuvumilia kwa kujibana pumzi kidogo.

Jambo la kuudhi zaidi nililigundua siku ya Ijumaa. Jedwali hilo hilo moja tulikuwa tumelibandika kwenye kurasa zote za nguo, na safu ya kifua iliyokuwa ndani yake ilitoka kwa muuzaji mwingine aliyeandika vipimo vya mwili. Mteja aliyenunua blauzi kwetu kwa kusoma jedwali hilo na ikamkaa vizuri alikuwa na sababu zote za kuliamini alipokuja kununua suruali. Namba zote mbili zilikuwa za kweli, ila moja ilikuwa ya mtu na nyingine ya nguo. Kiwango cha Ulaya cha EN 13402 hutaja saizi kwa vipimo vya mwili wa mvaaji, kwa hiyo mnunuzi aliyezoea lebo za namna hiyo ataichukulia kila namba isiyo na maelezo kuwa ni ya mwili. Sina neno la kujitetea hapo.

Wiki ya 3

Kabla ya kuandika jedwali jipya yalibaki mambo mawili ya kuchunguza.

La kwanza ni rangi nyeusi. Suruali nyeusi za saizi M zilipimwa hipsi 51 hadi 51.5 zikiwa zimelazwa, wakati za rangi ya mchanga zilikuwa 52 na mara moja 52.5. Kwa mzunguko, tofauti inafika sentimita moja hadi mbili kati ya nguo mbili zenye lebo moja. Katika ushonaji wa viwandani, kupungua au kuzidi kwa sentimita moja ni jambo la kawaida. Kitambaa hupangwa tabaka nyingi na kukatwa kwa pamoja, na tabaka za juu na za chini hazikatwi sawasawa kabisa. Lakini pale ambapo karibu vipande vyote vya rangi moja vimepungua kwa upande mmoja, si bahati mbaya ya mkasi, bali ni kitambaa chenyewe, ambacho kwa rangi nyeusi kilitoka kwenye roli nyingine na kilipitia upakaji rangi wake. Kwa hiyo jedwali haliwezi kuwa moja kwa rangi zote mbili bila kuwadanganya wanunuzi wa nyeusi.

La pili ni kufua. Tulifua suruali mbili za saizi M za rangi ya mchanga katika maji ya nyuzi 40 na kuzianika kivulini. Hipsi zilishuka kutoka 104 hadi 102.5 kwa mzunguko, na urefu wa ndani wa mguu ukashuka kutoka 76 hadi 73.5. Urefu umepungua kuliko upana kwa sababu nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, huvutwa kwa nguvu wakati wa kufuma, nazo zikilowa hurejea zilikotoka, ilhali nyuzi za mshindio hazikuvutwa kiasi hicho. Kipimo chetu cha stoo ni cha nguo ambayo haijafuliwa. Mteja hawezi kuirudisha suruali baada ya kuifua, kwa hiyo hasara hii haionekani kwenye hesabu ya nguo zilizorudi, bali huonekana kwenye maoni ya nyota mbili mwezi unaofuata. Nimeamua iingie kwenye jedwali hata kama haitapunguza kurudishwa kwa hata suruali moja.

Mwanzoni nilikuwa nimepanga saizi M iwe ya hipsi za mwili kuanzia 95 hadi 99, ili kubaki na sentimita tano za nafasi kwa aliye ukingoni. Baada ya kufua, mtu huyo angebakiwa na sentimita tatu na nusu tu. Tumeshusha kila saizi kwa sentimita moja, na matokeo ni haya:

| Saizi | Kiuno cha mwili (sm) | Hipsi za mwili (sm) | Kiuno cha suruali, imelazwa (sm) | Hipsi za suruali, imelazwa (sm) |
|---|---|---|---|---|
| S | 66–70 | 89–93 | 36.5 | 49.5 |
| M | 71–75 | 94–98 | 39 | 52 |
| L | 76–80 | 99–103 | 41.5 | 54.5 |
| XL | 81–86 | 104–109 | 44.5 | 57.5 |
| XXL | 87–92 | 110–115 | 47.5 | 60.5 |

Jedwali hili ni la rangi ya mchanga. Kwa nyeusi tumeandika chini yake kwamba ni ndogo kwa hadi sentimita mbili kwenye mzunguko wa hipsi, na kwamba mwenye kipimo kilicho juu kabisa ndani ya saizi yake achukue inayofuata. Yule mteja wa hipsi 103, ambaye jedwali la zamani lilimpeleka kwenye M, sasa anapelekwa L, na kwa nyeusi anapelekwa XL. Kwa saizi mbili tofauti na ile ya zamani, sishangai tena kwamba alikuwa akiirudisha.

Wiki ya 4

Jedwali limewekwa, na kwa siku nne za kwanza halikufanya kazi tuliyoitaka. Ujumbe wa kuuliza saizi uliongezeka badala ya kupungua. Wateja wawili waliandika kwamba wana hipsi za sentimita 98 na hawaoni saizi yao, kwa sababu walikuwa wakisoma safu ya mwisho yenye namba 49.5 hadi 60.5. Nilikuwa nimeweka vipimo vya mwili na vya nguo katika jedwali moja kwa kudhani kwamba vichwa vya safu vinatosha. Kwenye kioo cha simu vichwa hivyo vilikatika, na mtu alibaki na namba tu.

Nimetenganisha. Karibu kabisa na mahali pa kuchagua saizi sasa kuna vipimo vya mwili peke yake, saizi zikiwa zimepangwa kwenda chini, ili simu isilazimike kuvutwa kwenda kando. Juu yake imeandikwa: "Hivi ni vipimo vya mwili wako, si vya suruali. Nafasi ya kuketi na kutembea tumekwisha kuiongeza." Sentensi ya pili iliongezwa baada ya mteja mmoja kuniambia kwamba huwa anajiongezea saizi moja kila anaponunua mtandaoni, "kwa usalama". Mtu kama huyo akiongeza juu ya nafasi tuliyokwisha kuiweka atapata suruali inayopwaya.

Vipimo vya suruali iliyolazwa vimehamia kwenye sehemu inayofunguka kwa kubonyeza, pamoja na maelekezo yake. Nimeviacha bila kuzidisha kwa mbili, kwa makusudi. Anayevisoma anatakiwa achukue suruali yake mwenyewe inayomkaa vizuri, ya kitambaa kisichonyumbuka, ailaze kitandani au mezani, na aipime kama tulivyoipima sisi. Namba atakayoiona kwenye futikamba ndiyo atakayoitafuta kwenye jedwali. Kumtaka azidishe ni kumwongezea mahali pa kukosea, na baadhi huzidisha upande mmoja na kusahau mwingine. Binafsi naiamini njia hii kuliko ya kupima mwili, kwa sababu nguo haivuti pumzi ndani na haina aibu. Kasoro yake ni kwamba mtu huchukua jinzi yenye uzi wa kunyumbuka, ambayo ikilazwa huwa ndogo kuliko inavyokuwa mwilini, kisha anachagua saizi ndogo. Ndiyo maana maneno "isiyonyumbuka" yameandikwa kwa herufi nzito, na tumeongeza namna ya kutambua: shika kitambaa cha paja kwa vidole vya mikono miwili, uvute kwa upana, na kama kinarefuka kisha kinarudi, tafuta suruali nyingine ya kupimia.

Lile jedwali la zamani lilikuwa picha iliyowekwa mwisho kabisa wa picha za bidhaa, yenye herufi ndogo zisizosomeka kwa simu. Nimeliondoa. Nalitaja hapa kwa sababu kuna wakati nilitaka kuliacha "kwa wateja waliolizoea", na ingekuwa ni kuacha mlango ule ule wazi.

Wiki ya 5

Maelekezo ya kupima mwili yameandikwa mara tatu. Toleo la kwanza lilikuwa na hatua kumi na mbili, na mwenzangu wa huduma kwa wateja alilisoma hadi ya nne akalifunga. Sasa yamebaki mambo matatu tu, yale ambayo kwa kuwasikiliza wateja tumeona ndiyo yanayoharibu kipimo.

La kwanza ni mahali zilipo hipsi. Watu wengi huzungusha futikamba kwenye mifupa inayojitokeza chini ya kiuno, kwa kuwa ndiko mkono unakoshika mtu akisema "hapa kwenye hipsi". Kipimo tunachotaka ni pale makalio yanapojitokeza zaidi, chini zaidi ya hapo, na tofauti kati ya sehemu hizi mbili huweza kufika saizi nzima au zaidi. Tumeandika: "Simama ukiwa umeunganisha miguu, jitazame ubavu kwenye kioo, na uzungushe futikamba pale makalio yanapotokeza kuliko mahali pengine popote." Bila kioo futikamba hushuka nyuma au kupanda, na mzunguko uliopinda si mzunguko.

La pili ni kiuno. Kwa kuwa suruali hii ina kiuno cha juu, inakaa pale mwili unapopindika mtu akiinama upande, na sio chini ya kitovu ambako suruali nyingine hukaa. Mteja aliyepima kwenye mkanda wa suruali aliyoizoea hupata namba kubwa kuliko inayotakiwa.

La tatu ni futikamba yenyewe. Nyingi zina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo anayesoma 38 na kudhani amekosea huwa amesoma upande wa inchi, na hipsi zake ni kama sentimita 96.5. Tumeweka kanuni fupi: ukipata namba iliyo chini ya 60 kwenye hipsi, geuza futikamba. Asiye na futikamba anaambiwa atumie uzi usiovutika, auwekee alama, kisha aupime kwa upande mrefu wa karatasi ya A4, ambao ni sentimita 29.7. Utepe wa chuma wa mafundi ujenzi tumeukataza, kwa sababu haulali mwilini na mzunguko wake hutoka mkubwa.

Liko swali moja lililokuwa linarudi kila siku: nifanyeje kama kiuno changu kinaniweka M na hipsi zinaniweka L? Jibu letu ni kufuata hipsi. Mshono wa nyuma wa kiuno fundi yeyote huupunguza kwa muda mfupi, lakini hipsi haziongezeki, kwa kuwa kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono wa ubavu ni sentimita moja tu. Jibu hili sasa limo kwenye ukurasa, chini kabisa ya jedwali la mwili, na nililiandika nikijua kwamba litaleta malalamiko ya aina nyingine.

Wiki ya 7

Picha. Tulikuwa tumeandika kwamba mwanamitindo amevaa M, lakini hatukuandika vipimo vyake, na katika picha mbili kati ya tano suruali ilikuwa imebanwa nyuma kwa vibanio ili mbele ionekane imekaa. Picha hizo zimepigwa upya bila vibanio. Chini yake sasa pameandikwa urefu wa mwanamitindo, sentimita 174, pamoja na hipsi zake, 95, na saizi aliyoivaa. Urefu ulihitajika kwa sababu ya pindo: kwake suruali inaishia kwenye kifundo cha mguu, na mteja mfupi zaidi anaweza kukadiria itamfikia wapi, akikumbuka kwamba baada ya kufuliwa itapanda kwa sentimita mbili au zaidi.

Wiki ya 14

Nimesubiri hadi sasa ndipo nihesabu. Jedwali lilikamilika mwishoni mwa wiki ya 5, na muda wetu wa kurudisha nguo ni siku 14 tangu mteja aipokee. Ningehesabu mapema, suruali zilizotoka wiki ya mwisho zingeonekana zimekubalika, kumbe zimo njiani kurudi. Hesabu hii inachukua suruali zilizofika katika wiki saba ambazo muda wake wa kurudisha umekwisha.

Zilifika 187, zikarudi 33, yaani chini kidogo ya asilimia 18. Zilizorudi kwa kuwa ndogo ni 13, ilhali mwanzoni zilikuwa 34 kati ya 212. Kwa uwiano, ni kushuka kutoka asilimia 16 hadi 7. Zilizorudi kwa kuwa kubwa ni 10, ambazo kwa uwiano hazijapungua hata kidogo. Oda za mtu mmoja kuchukua saizi mbili za suruali ile ile ili arudishe moja zilikuwa 14 na sasa ni sita, na sehemu ya nafuu yote imetoka huko, kwa sababu kila oda ya namna hiyo hurudisha suruali moja hata kama jedwali ni sahihi.

Nguo kubwa nimezitazama kwa makini. Kati ya 10 hizo, sita zimewekewa alama ya "kiuno", na nne za hizo ni za wateja waliokuwa kati ya saizi mbili na wakafuata ushauri wetu wa kuchagua kwa hipsi. Waliupata ukweli tuliowaambia, ila hawakutaka kwenda kwa fundi. Ushauri siubadilishi, kwa kuwa mbadala wake ni kuwarudishia suruali isiyokalika, lakini sentensi nimeiandika upya. Sasa inamwambia mteja mapema kwamba kiuno kitapwaya kwa kiasi gani na kwamba kitahitaji kupunguzwa, ili asiyetaka kazi hiyo asinunue. Nikiuza kidogo kwa sababu hiyo, na iwe hivyo.

Hesabu hii ina udhaifu ambao sipendi kuuficha. Malalamiko ya zamani niliyapanga mwenyewe kwa kusoma maelezo, na ya sasa yamepangwa na wateja kwenye fomu mpya, kwa hiyo mgawanyo wa "ndogo" na "kubwa" haukupatikana kwa njia moja. Picha nazo zilibadilika katikati ya kipindi, na siwezi kusema ni sehemu gani ya nafuu iliyoletwa nazo. Ninachokiamini zaidi ni kile kisichotegemea mgawanyo wangu: kwenye suruali 13 zilizorudi kwa kuwa ndogo, zilizowekewa alama ya hipsi au paja ni tano tu, na tatu kati ya hizo tano ni nyeusi.

Wiki ya 15

Mzigo mpya wa nyeusi umefika jana. Kabla haujapangwa kwenye rafu, fundi alichukua vipande vitatu vya kila saizi. L zimetoka hipsi 54.5, 54 na 54.5 zikiwa zimelazwa, sawa na rangi ya mchanga, maana yake roli hili la kitambaa halikupungua kama lile la kwanza. Ile sentensi inayomtaka mnunuzi wa nyeusi achukue saizi inayofuata sasa imekuwa uongo kwa mzigo huu, na bado ni kweli kwa suruali tisa za mzigo wa zamani zilizobaki. Tisa hizo tumezitenga kwenye boksi lake na kuzitoa kwenye hesabu ya ukurasa. Sentensi nimeifuta leo asubuhi, kabla oda ya kwanza ya mzigo mpya haijafungwa.